Kisanduku cha ugonjwa kwenye fomu ya bima: Leicester na Tanga

Mwaka wa tatu sasa nakanyaga mafuta kwa mguu wa kushoto. Kiharusi kiliuacha wa kulia mzito, ndipo fundi wa hapa Leicester akanifungia pedali ya mafuta upande wa pili wa breki. Kabla ya hapo nilikaa mwezi mzima bila kuendesha, kama Uingereza inavyotaka, na mguu ulipokuwa bado haujarudi nikawaarifu DVLA, mamlaka ya leseni. Ukinyamaza, faini inaweza kufika pauni 1,000.

Wenzetu wengi wanaishia hapo, wakidhani kampuni ya bima nayo imeshajua. Hapana, lazima uijibu mwenyewe. Mimi niliulizwa maswali mawili: una maradhi yanayopasa kuarifiwa DVLA, na gari limebadilishwa chochote? Nikasema yote. Sheria ya Usawa ya 2010 haiwaruhusu kukupandishia ada kwa sababu tu una ulemavu. Lazima wawe na taarifa za kuaminika zinazoonyesha hatari.

Ukijibu uongo kwa makusudi, wanaweza kuifuta bima na kubaki na ada yako. Ukikosea kwa uzembe, sheria ya bima ya 2012 inawaruhusu kupunguza fidia. Tuseme umelipa pauni 400, na wangejua ukweli wangetoza 500. Hasara ya pauni 10,000 utalipwa 8,000.

Tanga mambo ni mengine. Kaka yangu amekatwa mguu na anaendesha kwa mtambo wa mkono aliofungiwa na fundi wa mtaani. Fomu ya bima kubwa aliijaza wakala, kwa Kiingereza, na penye swali la ulemavu akaandika "hapana" ili kazi iishe. Kaka alitia sahihi tu. Nilipoiona picha ya fomu ile niliumia, kwa sababu sahihi ni yake, wala si ya wakala. Kule bima inasimama juu ya ukweli kamili wa mwombaji, na jibu moja la uongo linaweza kuiangusha yote siku gari likiharibika. Nasema wazi: wakala wa namna hiyo anamuuzia mlemavu karatasi.

Huku Uingereza nako kuna pengo. Nilipogongwa mwaka jana, gari la kuazima lililoletwa halikuwa na pedali ya kushoto. Wiki mbili lilisimama mlangoni. Nayo pedali yangu haikuwemo kwenye thamani ya gari, maana wakadiriaji wanatazama bei ya soko, na sokoni kifaa hicho hakiongezi kitu. Sasa nimekiandikisha peke yake, pamoja na risiti ya fundi.

Kaka naye ameiandikia barua kampuni yenyewe, akaeleza mguu na mtambo, akaambatanisha picha na gharama ya kuufunga. Nakala yake imegongwa mhuri wa kupokelewa, ameiweka pamoja na kadi ya gari.