Hesabu marumaru kwanza, ndipo umtumie dalali hela

Mwezi uliopita dada mmoja alivuka daraja la Kigongo–Busisi kutoka Sengerema kuja kuona chumba cha kupanga Nyegezi, Mwanza. Picha aliyotumiwa ilikuwa na kitanda kikubwa, sofa ya watu wawili, kapeti na meza ndogo. Alipofungua mlango alikuta chumba kitupu cha futi 10 kwa 10. Akaniuliza, "Kaka, kitanda changu cha tano kwa sita na kabati vikikaa, hiyo sofa itapita wapi?" Picha ile niliitengeneza mimi, kwa ombi la mwenye nyumba, kwa programu inayochora samani ndani ya picha ya chumba kitupu. Nilikosa jibu, nikamrudishia nauli yake.

Usiku ule niliitazama picha upya, nikaanza kuhesabu marumaru za sakafuni. Ni za sentimita 40. Kitanda cha futi tano kina upana wa sentimita 152, kwa hiyo kinapaswa kufunika karibu marumaru nne. Kile cha kwenye picha kilifunika mbili na nusu, yaani mita moja tu, ingawa kilikuwa na mito miwili kama cha watu wawili. Programu haina futi kamba. Inachora samani zinazopendeza machoni, hata ikibidi kuzipunguza ili zienee. Na mimi nilikuwa nimepiga picha kwa lenzi pana ya simu, ambayo yenyewe tayari hukifanya chumba kionekane kirefu.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa ukutani. Chini ya dirisha kulikuwa na doa la unyevu, na kando yake soketi moja, ya pekee chumbani. Kwenye picha mpya vyote viwili havikuwepo. Sikuagiza vifutwe. Programu nyingi huchora upya picha nzima, si sakafu peke yake, na ukuta hutoka laini kama umepakwa rangi jana. Samani za kuchora mpangaji anaweza kuzielewa, lakini kumfichia unyevu ni kumdanganya, hata kama hukukusudia.

Siku hizi naichagulia programu eneo la sakafu tu, kisha naweka picha mbili sambamba na kukagua dirisha, mlango, soketi na madoa. Kitanda kikifunika marumaru chache kuliko inavyopaswa, naifuta picha. Halafu naandika juu ya picha yenyewe, kwa herufi kubwa: "SAMANI NI ZA KUCHORWA. CHUMBA NI KITUPU, FUTI 10 × 10." Siandiki pembeni, kwa sababu madalali wakisambaza picha kwenye magrupu ya WhatsApp, maelezo ya chini mara nyingi hubaki nyuma. Picha ya chumba kitupu naitanguliza.

Mwenye nyumba alilalamika kwamba maandishi yatafukuza wateja. Nilimwambia asiyekitaka chumba cha futi 10 akijue akiwa kwao Sengerema, kabla hajalipa nauli na hela ya kuonyeshwa. Doa la unyevu bado lipo. Nimelipiga picha peke yake, nikaliweka la tatu.