Usiku wa pili wa mbio za maili mia: kulala au kusonga?

"Usiku wa pili nikianza kusinzia huku natembea, nilale kidogo au ninywe kahawa nisonge?"

Wanaokataa kulala wana hoja nzito. Ukilala, mwili uliolowa jasho hupoa upesi, miguu hukakamaa, na saa ya ukomo haikungoji. Ukipitiliza hadi usingizi mzito, unaamka kichwa kizito kuliko ulipolala.

Lakini hoja yao inasahau kwamba kusinzia nako kunakula muda. Chukua mkimbiaji aliyeanza saa 12 asubuhi katika mbio zenye ukomo wa saa 48. Usiku wa pili, saa 5, ana saa 41 njiani na kilomita 19 mbele yake. Akitembea kilomita 4 kwa saa, atafika kabla ya saa 10 alfajiri. Akiyumba kwa kilomita 2.5 kwa saa, anahitaji zaidi ya saa 7 na nusu, naye amebakiwa na 7 tu. Dakika 20 za kulala anazimudu; mwendo ule haumudu.

Kwa hiyo mimi nasema lala, ila kwa utaratibu. Vaa koti kavu kwanza. Kunywa kahawa kikombe kimoja, weka kengele ya dakika 15, kisha jilaze kwenye kituo cha huduma njiani, ambapo kuna mtu wa kukuamsha. Kafeini huchukua kama nusu saa kushika, hivyo unaamka ikikaribia kuanza kazi. Ndiyo maana sipendi kuimaliza usiku wa kwanza: anayekunywa kila kituo hufika usiku wa pili ikiwa haimwamshi tena, inamchafua tumbo tu. Ukiona jiwe limegeuka mbwa aliyeketi, kisha ukisogea ni jiwe, hiyo ni dalili ya usingizi. Ukijikuta ukingoni mwa njia bila kukumbuka hatua tano zilizopita, usisubiri kituo. Kaa chini mahali salama mbali na ukingo, ujifunike, ulale dakika 10.

Huzuni ya saa 9 usiku ni jambo jingine, ingawa huja pamoja na usingizi. Saa hizo joto la mwili liko chini, tumbo tupu, na akili inasema mbio hizi hazina maana. Wapo wanaoshauri kumsikiliza mwenye huzuni na kumwacha ajitoe. Nakubaliana nao nusu tu. Kwanza ale kitu chenye sukari, supu ya moto, avae nguo kavu, kisha angoje dakika 30 kabla ya kuamua. Mara nyingi kilio kilikuwa njaa.

Akishakula na kulala, bado hajui yuko wapi, kichwa kinamuuma, anatapika na vidole vimevimba, hapo si usingizi wala huzuni. Huenda amekunywa maji kupita kiasi na chumvi ya damu imeshuka. Asiongezewe maji, apelekwe kwa daktari wa mbio mara moja.