Unga, kamande na mafuta: kubadilisha mapishi Kakuma kunaleta nini, na kunakula nini

"Mwezi mzima ni unga, kamande na mafuta. Jirani yangu kila siku ana pishi jipya, leo mandazi, kesho bajia, na watoto wake wanakula. Mume wangu anasema huko ni kumaliza mafuta na makaa bure. Wangu wamechoka, wanasukuma sahani. Nifuate upande upi?"

Dada, tuanze na mafuta, kwa sababu ndiyo yanayoisha kwanza na ndiyo yanayozua ugomvi nyumbani.

Kikapu cha mfano ambacho wapangaji wa chakula cha dharura wamekitumia kwa miaka mingi kinampa mtu mmoja, kwa siku, nafaka gramu 400, jamii ya kunde gramu 60 na mafuta gramu 25, pamoja na chumvi, sukari kidogo na unga wa uji uliorutubishwa. Vyote pamoja vinakaribia kilokalori 2,100. Hicho ni kikapu kizima. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, haijakiona kikapu kizima kwa muda mrefu: mwaka 2025 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilishusha mgao hadi asilimia 40, na katikati ya mwaka huo ukafika asilimia 28. Tuchukue hiyo 40, tuhesabu kwa nyumba ya watu watano. Mafuta ya mwezi yanakuwa kama lita moja na nusu na kidogo. Ukiyagawa kwa siku 30, unapata vijiko vinne vya mezani visivyojaa, kwa watu watano, kwa siku nzima.

Sasa weka mandazi juu ya hesabu hiyo. Ili yaelee na yaive, sufuria inataka nusu lita ya mafuta au zaidi. Asubuhi moja tu, karibu theluthi ya mafuta ya mwezi iko jikoni. Ni kweli kwamba mafuta yaliyonyonywa na mandazi hayajapotea, yameingia tumboni na ni nguvu ileile. Yanayopotea ni yale yanayobaki. Yanapigwa moto tena kesho na keshokutwa, yanakuwa meusi, yanatoa moshi kabla ya unga kuingia, na mwisho yanamwagwa. Tena mafuta ya mgao huongezwa vitamini A, na vitamini hiyo hufa kidogo kidogo kwa moto wa kurudiarudia na kwa mwanga wa jua. Anayekaangia mafuta yaleyale mara nne amebaki na grisi iliyopungukiwa vitamini. Hapo mumeo ana haki, na ningemuunga mkono mbele ya mtu yeyote.

Kwenye makaa pia ana haki, ila nusu. Turkana ni nchi kavu. Kuni zinatoka kwa wenyeji, na nyumba nyingi hutoa sehemu ya mgao ili zipate cha kuwashia jiko. Kwa hiyo kila dakika ya moto ni unga uliotoka mfukoni. Lakini moto mwingi haupotei kwenye kubadilisha pishi. Unapotea kwenye kupika kamande kavu bila kuziloweka, sufuria ikiwa wazi. Ukiziloweka tangu asubuhi, ukazichemsha dakika kumi na kifuniko, kisha ukaitoa sufuria na kuifunga vizuri kwenye blanketi kuukuu kwa saa nzima, zitamalizikia humo humo bila kaa hata moja. Njegere za njano zilizopasuliwa ni ngumu zaidi na zinataka kuchemka kama nusu saa kabla ya kufungwa. Ukiokoa moto huo, una moto wa kupika kitu cha pili.

Kitu hicho cha pili kisiwe mandazi. Twanga kamande zilizolowekwa kwenye kinu hadi ziwe rojo, changanya na unga wa ngano au wa mtama kiasi kilekile, ongeza maji na chumvi, na umimine kwenye kikaango kama chapati za maji. Kijiko kimoja cha mafuta kinatosha chapati nne au tano ukikipaka tu. Majirani wa Kisomali wanafika mahali hapohapo kwa njia yao: wanauchachusha unga usiku kucha na kuutandaza mwembamba kuwa anjera. Unga wa mahindi peke yake haushikani, utakatika na utakuudhi, ila rojo ya kamande inausaidia kushikana ukizidisha rojo kuliko unga.

Je, kuna sababu yoyote ya kusumbuka hivyo, au ni kutafuta ladha wakati wa njaa? Hapa ndipo mimi niko upande wa jirani yako kwa moyo wote. Mtu mzima mwenye njaa atakula ugali na kamande siku 30 na atamaliza. Mtoto wa mwaka mmoja hatamaliza. Tumbo lake linabeba kama kikombe kimoja kwa mlo, na uji mwepesi wa unga mtupu ukijaza kikombe hicho ni maji zaidi kuliko chakula. Anashiba kabla hajapata cha kumtosha, na kesho akiona rangi ileile anageuza uso. Mama anadhani ana deko, kumbe hakuna deko hapo. Kwa mtoto huyu, badiliko lina kazi ya mwili: uji mzito kidogo, kamande zilizopondwa na kuchujwa maganda ndani yake, na kijiko cha chai cha mafuta mwishoni baada ya kuepua. Kijiko hicho kinaongeza kama kilokalori 40 bila kuongeza ujazo, na mafuta yake hayajaungua. Nikilazimika kuchagua vijiko vinne vya siku viende wapi, viwili vinaingia kwenye vikombe vya wadogo kabla sijafikiria kikaango.

Kwa hiyo hadi hapa wote wawili wana hoja, na wanaweza kukaa chungu kimoja. Lakini kuna jambo ambalo hoja zote mbili hazilioni, na ndilo linalonitia wasiwasi. Wote wanabishana kuhusu namna ya kupika vitu vitatu vilevile. Pishi linaweza kukipa kitu sura mpya, haliwezi kukitia kisichokuwamo.

Kati ya mwaka 2017 na 2018, hapo hapo Kakuma, vijana wa kiume kutoka Sudan Kusini walianza kuja kliniki na maumivu ya miguu ambayo hayakueleweka. Magoti yalivimba, kutembea kukawa shida, wengine fizi zikatoka damu. Ilikuwa kiseyeye, ugonjwa ambao wengi wanaujua kwenye hadithi za mabaharia wa zamani tu. Walipopewa vitamini C walipata nafuu. Nafaka kavu, kunde kavu na mafuta hazina vitamini C ya kuhesabika, hata uzipike kwa mitindo mia. Malawi walilipa kwa njia nyingine: karanga zilipokosekana kwenye mgao wa wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa wakila mahindi, mwaka 1990 pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini B3, iliwapata zaidi ya watu 18,000. Kitu kimoja kidogo kilitoka kikapuni, na ngozi za watu zikachubuka.

Wapo wanaosema kamande zenyewe ni dawa, zioteshe. Ni kweli, na njia ni rahisi. Chukua kamande nzima zenye ganda, si zilizopasuliwa, kwa kuwa iliyopasuliwa haina tena moyo wa kuota. Loweka usiku mmoja, mwaga maji, zifunge kwenye kitambaa safi chenye unyevu kivulini, na uzisuuze asubuhi na jioni. Kwa joto la Kakuma, siku ya pili utaona vimkia vyeupe. Zikinuka uchachu au zikiteleza kama ute, tupa. Zikiwa nzuri, zitumbukize kwenye maji yanayochemka dakika mbili au tatu tu. Usizile mbichi, kwa kuwa maji ya kusuuzia yanaweza kuleta kuhara.

Ila tuhesabu kwa uaminifu. Kamande za nyumba hiyo ya watu watano kwa siku ni gramu 120. Zikiota zinakuwa kama gramu 250, na mbichi zina vitamini C kama miligramu 16 kwa kila gramu 100. Hiyo ni miligramu 40 kwa nyumba nzima, nane kwa mtu, na moto utachukua labda nusu. Kinga dhidi ya kiseyeye inataka miligramu kumi hivi kwa mtu kila siku. Kuotesha kunasaidia, na mimi ningeotesha mara mbili kwa wiki, lakini peke yake hakufiki. Fungu dogo la mchicha au majani ya kunde linafika: gramu 30 tu zilizopikwa kwa haraka, konzi moja ya majani yaliyonywea, zinampa mtu hizo kumi na ziada.

Ndiyo maana swali zito kwangu ni lile ambalo watu hulisema kwa aibu: kuuza sehemu ya mgao. Kwa miaka mingi mtu aliyeuza unga alionekana kama ameshiba, au kama anadanganya. Na hasara ipo, kwa sababu siku za mgao soko limejaa unga uleule na bei inaanguka. Bamba Chakula, pesa ya simu iliyoanza Kakuma mwaka 2015 kwa ajili ya kununua chakula kwa wafanyabiashara waliosajiliwa, ilikubali kimyakimya kwamba watu walikuwa na sababu: wakipewa nafasi ya kuchagua, wangeweza kununua maziwa, nyama, mboga. Pesa hiyo ikikatwa, unga unarudi kuwa ndiyo sarafu. Kutoa kikombe kimoja cha unga kwa wiki upate mafungu mawili ya majani ni biashara mbaya ukiipima kwa kilokalori, na kwenye mgao wa asilimia 28 sina ujasiri wa kumwambia mama mwenye watoto wadogo aifanye. Kwenye 40, ningeifanya, na ningeifanya wiki ya tatu, unga unapoanza kupanda bei, si siku ya mgao.

Njia isiyokula mgao ni gunia. Gunia tupu la unga, udongo uliochanganywa na samadi ya mbuzi, nguzo ya kokoto katikati ili maji yafike chini, matundu ubavuni, na sukuma wiki au mchicha kila tundu. Maji ndiyo tatizo, kwa hiyo yale uliyolowekea na kusuuzia kamande yasimwagwe, yaende huko. Mchicha unaanza kuchumwa baada ya wiki tatu hivi. Chuma majani ya chini, acha ncha ya juu.

Na wakati unasubiri, mtazame kijana aliyeacha kucheza mpira ghafla kwa sababu miguu inauma, au mtu anayetema damu akisafisha meno. Mpeleke kliniki, umwambie daktari kwa maneno yako kwamba hajala mboga wala tunda kwa miezi kadhaa. Wengi hutibiwa baridi yabisi kwanza kwa sababu hakuna aliyewauliza wamekula nini.