Bendi Moja Badala ya Mbili: Usiwahi Kuilaumu Enzaimu

"Nimekata plasmidi ya pUC19 kwa enzaimu ya PvuII, nikaiendesha kwenye jeli, nilitegemea bendi mbili, naona moja tu. Ina maana imekata sehemu moja?"

Wengi watakujibu ndiyo, ongeza enzaimu au iache ikae zaidi. Hoja yao ina msingi, maana plasmidi ikikatwa sehemu moja inafunguka na kuwa kipande kimoja cha jozi za besi 2686, bendi moja safi. Ila naona wanawahi mno. Enzaimu ikizembea huwa haizembei kwa mpangilio, plasmidi nyingine zinakatwa mara mbili, nyingine mara moja, nyingine hazijaguswa kabisa, kwahiyo ungeona bendi nyingi, sio moja.

Mara nyingi bendi ya pili ipo ila huioni. PvuII inatoa vipande vya jozi 2364 na 322, kila aina kwa idadi sawa kabisa, na hapo ndipo watu wanategemea ving'ae sawa. Lakini ethidiamu bromaidi, rangi inayoonyesha DNA chini ya UV, inang'aa kwa uzito wa DNA, haijali idadi ya vipande, na 322 kwenye 2686 ni asilimia 12 tu. Hii 12 ndo inasahaulika kila siku! Ukiweka nanogramu 200 kwenye kisima, kile kidogo kinapata 24, kitaonekana, ukiweka 50 kinabaki na 6 hivi, hapo unabahatisha. Halafu kwenye jeli ya asilimia 1 bluu ya bromofenoli, ile rangi unayopakia pamoja na DNA, inakimbia maeneo ya 300 mpaka 500, inaikalia bendi yako na kuifunika chini ya UV. Na kama ethidiamu uliichanganya kwenye jeli, yenyewe inatembea kinyume na DNA, inaelekea ncha hasi, kwahiyo ukiendesha muda mrefu huku chini ethidiamu inakuwa imepungua.

Sasa usibishanie bendi isiyoonekana, angalia ile kubwa. Kisima cha jirani weka pUC19 hiyo hiyo uliyoikata kwa EcoRI, ambayo inakata mara moja tu, na kiasi cha DNA kiwe sawa. Bendi yako ikishuka chini kidogo kuliko ya EcoRI hiyo ni 2364, sehemu zote mbili zimekatika. Tofauti ni ndogo, kwahiyo usizime umeme mapema, na ladda, vile vipande vya urefu unaojulikana, peke yake isikutoshe.

Zikilingana kabisa, basi wale wa mwanzo wamepatia, plasmidi imekatwa mara moja, na kama bendi ni moja tupu bila nyingine juu yake ningeshuku sehemu moja ya PvuII imebadilika au plasmidi sio ile unayodhani, kuongeza enzaimu hakutasaidia.

Kukiona kile kidogo chenyewe, weka nanogramu 500, kipate kama 60, tumia jeli ya asilimia 2 na rangi ya oranji G inayotangulia mbele zaidi, ethidiamu uiweke baada ya kuendesha, loweka dakika 30 ndo upige picha.