Maji mezani na asidi ya tumbo: hoja ya mama mkwe inasimama wapi?

"Mama mkwe ananikataza kunywa maji katikati ya chakula. Anasema nazimua asidi ya tumbo na chakula hakitasagika. Ni kweli?"

Hoja hii si ya kubezwa, kwa kuwa inaanzia mahali pa kweli. Pepsini, kimeng'enya kinachoanza kukatakata protini tumboni, hufanya kazi vizuri pH, kipimo ambacho hushuka kadiri asidi inavyozidi ukali, ikiwa kati ya 2 na 3 hivi, na pH ikipanda kupita 5 nguvu yake karibu yote huisha. Asidi hiyohiyo huua vijidudu vingi vinavyoingia pamoja na chakula. Anayesema kwamba maji hupunguza ukali wa asidi hajakosea kemia. Anachokosea ni hesabu, na zaidi ya hapo anadhani kwamba tumbo ni chupa iliyojazwa asidi mara moja, ikawekwa kungojea tonge.

Tuanze na hesabu. Chukulia kwamba kabla ya kula tumbo lina mililita 50 za majimaji yenye pH 1.5. Ukinywa glasi ya mililita 250, jumla inakuwa 300, yaani ukali umepungua mara sita. Kwa sababu kila hatua moja ya pH ni tofauti ya mara kumi, kupungua mara sita kunapandisha pH kwa takriban 0.8 tu, kutoka 1.5 hadi 2.3, na pepsini bado iko nyumbani kwake. Sasa weka ugali na samaki wa kukaanga bila tone la maji. Protini ya samaki huinasa asidi, na pH ya tumbo inaweza kupanda hadi 4 au 5 mwanzoni mwa mlo. Kwa hiyo kinachoitoa asidi makali ni chakula chenyewe kuliko maji, na bado hakuna anayekatazwa samaki kwa sababu hiyo.

Tumbo halishindwi kwa sababu utoaji wa asidi unaongozwa kwa awamu tatu. Ya kwanza ni ya kichwa: harufu ya kitunguu kinachokaangwa, kuona sahani, kutafuna. Mwanasayansi Mrusi Ivan Pavlov aliionyesha kwa mbwa ambao umio wao ulitobolewa shingoni, hivyo chakula walichomeza kilitoka nje bila kufika tumboni, na hata hivyo majimaji ya tumbo yalitiririka. Neva za vagasi, zinazounganisha ubongo na tumbo, zilipokatwa, mtiririko huo haukutokea tena. Kwa kawaida awamu hii huchangia karibu theluthi moja ya asidi ya mlo, maana yake kazi imeanza kabla glasi haijaguswa.

Awamu ya pili, ya tumbo lenyewe, ndiyo kubwa kuliko zote, na ndiyo inayojibu swali letu. Tumbo likitanuka, na vipande vya protini vikigusa ukuta wake wa chini, seli za hapo humwaga homoni ya gastrini kwenye damu. Gastrini huamsha seli nyingine zitoe histamini, nayo histamini husukuma seli za asidi zifanye kazi. Breki ya mfumo huu ni asidi yenyewe: pH ikishuka chini ya 3, homoni ya somatostatini huanza kuibana gastrini, na ikikaribia 1.5 gastrini karibu hukoma. Chakula kikiinasa asidi, breki inalegea na asidi mpya inamwagwa. Mfumo unaoweza kufidia samaki mzima hautababaishwa na glasi moja.

Awamu ya tatu, ya utumbo, huchochea kidogo tu, kisha huzuia. Uji mchachu wa chakula kilichosagwa unapotoka tumboni kuingia duodeni, sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba, na kushusha pH ya hapo chini ya 4.5, homoni ya sekretini huliagiza kongosho lilete bikaboneti ya kuizima asidi, na pamoja na homoni nyingine hupunguza asidi ya tumbo. Hapo kongosho lina vimeng'enya vyake, tripsini ikiwamo, vinavyomalizia protini ambazo pepsini iliziacha. Ndiyo maana mtu anayemeza omeprazoli, dawa inayoifunga pampu ya asidi kwa saa nyingi, bado husaga nyama yake. Madhara ya kukosa asidi kwa muda mrefu huonekana kwingine, kama vile upungufu wa vitamini B12 na maambukizi ya utumbo.

Hata hivyo mama mkwe ana nusu ya haki, ingawa kwa sababu nyingine. Tumbo lililojaa chakula na maji mengi kwa pamoja hutanuka sana, na kutanuka huko hufanya kilango cha juu kilegee mara kwa mara, asidi ipande kooni. Mwenye kiungulia akiona kinazidi anapokunywa nusu lita pamoja na pilau, amejionea jambo la kweli, ila sababu yake ni ujazo. Huyo anafaa kunywa kidogo kidogo, na kupunguza pilau yenyewe. Asiye na kiungulia anywe tu.