"Ni utoto tu" au "mtoto huyu kaharibiwa"?

Mwalimu wa chekechea anawakuta watoto wawili wa miaka mitano nyuma ya vyoo, kaptula zimeshushwa, wanaonyeshana maungo na kucheka. Habari ikifika ofisini, walimu wanagawanyika. Mmoja anasema ni utoto, tusiwakuzie jambo. Mwingine anaapa kwamba mtoto hazuki na mambo hayo, lazima kuna mkubwa aliyemfundisha.

Kwa tukio lilivyosimuliwa hapo, mwalimu wa kwanza yuko sahihi. Kati ya miaka miwili na sita ni kawaida mtoto kushika maungo yake akiogeshwa, kuuliza kwa nini dada yake hana alicho nacho yeye, au kucheza na wenzake mchezo wa daktari au wa baba na mama. Hawa wawili wanalingana umri, wamezoeana, hakuna aliyelazimishwa, na mwalimu akisema "vaeni, turudi darasani" wanavaa na kukimbia. Wanachohitaji ni maneno mawili matatu: sehemu za siri hazionyeshwi wenzako wala hazichezewi na mtu mwingine, na atakayejaribu, mwambie mama au mwalimu. Tena yasemwe kwa sauti ileile ya kumwambia mtoto anawe mikono.

Sasa badilisha mambo machache. Mmoja wao ana miaka tisa. Au yule mdogo analia, na ameambiwa akisema atapigwa. Au wanalingana umri, lakini mmoja anaigiza tendo la watu wazima kwa undani ambao mtoto wa miaka mitano hawezi kuubuni. Au amekatazwa kwa upole mara kadhaa na bado anamwendea mtoto huyu na yule, michezo mingine haimvuti tena. Hapo wasiwasi wa mwalimu wa pili una msingi. Kinachotenganisha hali hizi ni tofauti ya umri na nguvu, hofu, ujuzi uliozidi umri, na kushindwa kuacha. Maungo kuonekana peke yake hakutuambii mengi.

Hata hivyo naye anakosea anapoharakia chanzo. Huenda mtoto kweli amedhulumiwa, na uwezekano huo haupuuzwi. Lakini huenda pia familia nzima inalala chumba kimoja na pazia halizuii sauti, au ameona video kwenye simu ya kaka yake. Na kama tabia yenyewe ni kujishika na kujikuna tu, hasa usiku, apelekwe zahanati kwanza: kuna minyoo myembamba inayotaga mayai kwenye njia ya haja kubwa na kuwasha vibaya, na maambukizi ya mkojo nayo humfanya mtoto ajishike. Nadhani watoto wengi wamechapwa kwa sababu ya minyoo.

Mambo huharibika zaidi kwenye kuhoji. "Nani amekufundisha? Ni mjomba?" Mtoto wa miaka mitano akiulizwa hivyo na mkubwa aliyekasirika hujibu anachodhani kinatakiwa, na jina likishatajwa ni vigumu kujua lilitoka kwake au kwetu. Heri aulizwe, "Hebu niambie mlikuwa mnacheza nini," kisha "Halafu?" na kunyamaza. Mwalimu aandike maneno ya mtoto kama yalivyotoka, bila kuyapamba, pamoja na tarehe, mahali na waliokuwapo. Wasikae walimu watano kumzunguka, wala asirudishwe kusimulia upya kila anapofika mgeni. Kiboko nacho humfundisha kwamba kusema huleta maumivu, jambo ambalo mdhulumu angefurahi alijue.

Wanaotaka mambo yamalizwe kifamilia wana hoja moja ya kweli: uvumi wa mtaani unaweza kumwandama mtoto kwa miaka. Lakini siri inatunzwa kwa kuwaambia wachache wanaohusika, si kwa kunyamaza. Tanzania, Sheria ya Mtoto ya 2009 inampa kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapojua haki za mtoto zinakiukwa. Afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi ndipo pa kwenda, na namba 116 hupigwa bure, Tanzania na Kenya pia. Kama kuna dalili kwamba mtoto ameingiliwa, hospitali isingoje kikao cha ukoo. Dawa za kukinga VVU hutakiwa kuanza ndani ya saa 72, mapema iwezekanavyo, na ni vyema asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na daktari.

Anabaki yule wa miaka tisa. Kwa sheria ya Tanzania, aliye chini ya miaka kumi hawajibiki kwa jinai. Kenya, tangu sheria ya 2022, umri huo ni kumi na miwili. Kumfukuza shule kunamhamishia tabia yake mtaa wa pili, mbali na macho ya waliokwisha kuijua. Akibaki, asiachwe peke yake na wadogo, aende chooni kwa zamu yake mtu mzima akiwa karibu, na ustawi wa jamii wafike nyumbani kwao kuangalia analala wapi na nani.