Muller au Newton: 1.84 inayodharauliwa

« Kwa nini tujisumbue na parabola ya Muller, wakati Newton iko na oda 2 na ile ya Muller haifiki hata 2? » (mwanafunzi wa polytechnique, Lubumbashi)

Newton na Muller ni njia mbili za kutafuta mzizi wa f, yaani x inayofanya f(x) iwe sifuri, na oda inasema tarakimu sahihi zinazidishwa karibu mara ngapi kwa kila hatua. Namba zote mbili, 2 na 1.84, ni za kweli. Shida ni kwamba zote zimepimwa kwa hatua, na hatua za watu hawa wawili hazina bei moja. Ni kama kulinganisha bei ya meka ya unga na bei ya mfuko bila kuuliza mfuko unatoa meka ngapi.

Newton, kila anapopiga hatua, anadai vitu viwili: thamani ya f na thamani ya derive yake, yaani mteremko. Muller anadai thamani moja tu ya f, kwa sababu zile mbili nyingine alishazilipia kwenye hatua zilizopita. Anapitisha parabola kwenye nukta tatu za mwisho, anachukua mzizi wa parabola ulio karibu na nukta mpya kabisa, halafu anaitupa nukta ya zamani. Kwa hiyo gharama ya hatua moja ya Newton inanunua hatua mbili za Muller, na hatua mbili za oda 1.839 zinafanya 1.839 × 1.839, karibu 3.38. Hiyo ndiyo inayopaswa kuwekwa mbele ya 2.

Inafaa kuona 1.839 inatoka wapi, maana ndani yake kuna jibu la « haifiki hata 2 ». Tukiita e kosa, yaani umbali kutoka kwenye mzizi r, karibu na mzizi mambo yanakwenda hivi:

e(n+1) ≈ K · e(n) · e(n−1) · e(n−2)

K ni −f'''(r)/(6f'(r)). Kosa jipya ni zao la makosa matatu ya nyuma. Ukiuliza ni kipeo gani p kinachokubaliana na mwendo huo, unapata p³ = p² + p + 1, na jibu lake halisi ni 1.839. Njia ya sekanti, inayotumia mstari ulionyooka na nukta mbili, inatoa p² = p + 1, yaani 1.618. Ukitaka nukta nne na mkunjo wa daraja la tatu, unafika 1.928. Ongeza nukta upendavyo: utaisogelea 2 bila kuigusa. Ni dari ya ukoo mzima wa njia zinazopitisha polinomia kwenye nukta za nyuma na kulipa f mara moja kwa hatua. Kutoka sekanti kwenda parabola unapata nyongeza ya 0.22, kutoka parabola kwenda daraja la tatu unapata 0.09 tu, tena kila hatua inakulazimisha kutatua mlinganyo wa daraja la tatu ili utatue mlinganyo wako. David Muller, yule wa Illinois aliyetoa njia hii mwaka 1956, alisimama pale ambapo bado fomula ya shule inatosha.

Upande wa Newton nao una hoja, na si ndogo. Kama f ni kitu kama eksponenti, derive yake inapatikana karibu bure ukishakuwa na f yenyewe. Hapo hesabu yangu ya hatua mbili kwa moja inaanguka, na 2 inaishinda 1.839 waziwazi. Newton anaomba nukta moja ya kuanzia, si tatu. Na mizizi changamano anaipata vizuri, mradi umwanzishe kwenye namba changamano. Neno zito katika sentensi hiyo ni « mradi ».

Chukua x⁴ + x + 1 = 0. Haina mzizi halisi hata mmoja. Grafu yake haishuki chini ya 0.52. Mwanzishe Newton kwenye −1: anakwenda −0.667, kisha anarushwa hadi 2.2, kisha anaanza kurudi, na ataendelea kurandaranda kwenye mstari wa namba halisi hadi uzime mashine. Hana mlango wa kutokea, kwa kuwa namba halisi ukizijumlisha, ukizizidisha na kuzigawanya zinazaa namba halisi. Mhandisi anayetafuta kama mtetemo wa mashine utakufa au utakua anahitaji hasa sehemu zote mbili za mzizi: sehemu halisi inamwambia unakufa kwa kasi gani, ile ya pili inamwambia unatetemeka mara ngapi. Si rahisi kumwomba akisie sehemu ya pili kabla ya kuanza.

Sasa mpe Muller nukta tatu halisi za kawaida: −1, 1 na 0. Thamani za f ni 1, 3 na 1. Parabola inayopita hapo ni x² + x + 1, ambayo mizizi yake ni −0.5 ± 0.866i. Kipeuo cha pili cha −3 kimefungua mlango wenyewe; hakuna aliyekisia i. Alama zote mbili ziko umbali mmoja kutoka 0, kwa hiyo tunachukua +0.866i na kusonga mbele.

Hapo mpenzi wa Newton atacheka, na ana sababu: ukubwa wa f kwenye nukta mpya ni 1.73, wakati kwenye 0 ulikuwa 1. Tumeharibu. Tena hatua inayofuata ina mtego. Nukta zetu sasa ni 1, 0 na −0.5 + 0.866i, na zote tatu ni mizizi ya x⁴ − x. Kwa hiyo kwenye nukta hizo f ni sawasawa na 2x + 1. « Parabola » imekuwa mstari ulionyooka. Yaani a, namba inayozidisha x², ni sifuri. Aliyeandika fomula ya shule, yenye 2a chini, anagawanya kwa sifuri. Au, kwa makosa madogo ya kompyuta, a inakuwa kitu kama 10⁻¹⁶ na jibu linatoka takataka bila onyo lolote. Ndiyo maana Muller anaandikwa kwa kugeuza fomula, c ikiwa juu, na c hapa ni f2:

```python
import cmath
def hatua(x0, x1, x2, f0, f1, f2):
    d1 = (f1 - f0)/(x1 - x0)
    d2 = (f2 - f1)/(x2 - x1)
    a = (d2 - d1)/(x2 - x0)
    b = d2 + a*(x2 - x1)
    D = cmath.sqrt(b*b - 4*a*f2)
    m = b + D if abs(b + D) >= abs(b - D) else b - D
    return x2 - 2*f2/m
```

Ukichagua m yenye ukubwa zaidi, unapata mzizi ulio karibu na x2, na pia unakwepa kutoa namba mbili zinazokaribia kuwa sawa. Angalia pia kwamba f0, f1 na f2 zinaingia zikiwa zimeshahesabiwa. Nimeona TP nyingi ambamo mwanafunzi anaita f(x0), f(x1), f(x2) upya ndani ya kila hatua, halafu anashangaa Muller ni mzito kuliko Newton. Faida yote ya 3.38 iliishia hapo. Na mwenye kuweka math.sqrt badala ya cmath.sqrt ataona ValueError kwenye hatua ya kwanza kabisa ya mfano wetu.

Kwa fomula hii a = 0 haisumbui: hatua inatoa −0.5, tumerudi kwenye mstari halisi. Lakini nukta ya −0.5 + 0.866i bado imo kwenye kumbukumbu, na inavuta. Hatua inayofuata inatoa −0.776 + 0.235i, halafu −0.784 + 0.439i, halafu −0.727 + 0.424i. Mzizi wa kweli ni −0.7271 + 0.4300i. Makosa, kuanzia ile −0.5, ni haya: 0.49, kisha 0.20, kisha 0.058, kisha 0.0063.

Tupime sheria ya makosa. Kwa mzizi huu, ukubwa wa K ni karibu 1.28. Zidisha 1.28 × 0.058 × 0.20 × 0.49: unapata 0.0073, na kosa halisi lilikuwa 0.0063. Kwa namba ambazo bado ni kubwa hivyo, kukubaliana huko kunatosha. Sheria hiyohiyo inatabiri hatua inayofuata iwe na kosa la karibu 0.0001, na ile ya baadaye karibu 4 kwa 10⁻⁸. Hatua mbili za mwanzo zilionekana za hasara, kumbe ndizo zilizotutoa kwenye mstari halisi, kazi ambayo Newton kutoka −1 asingeifanya milele.

Uwezo huo wa kutoka una gharama yake. Mzizi ukiwa halisi, Muller anaweza kupita kwenye namba changamano na kurudi na mabaki, sehemu ya i yenye ukubwa wa 10⁻¹⁷ au zaidi kidogo. Usiikate kwa macho tu; weka sehemu halisi peke yake ndani ya f, na kama thamani haijakua, ndipo ukate. Na ikitokea f ina thamani moja kwenye nukta zote tatu, parabola inakuwa mstari wa kulala, a na b zote ni sifuri, m pia ni sifuri, na njia inavunjika. Sogeza nukta moja kidogo, uanze tena.

Kuna pale ambapo 1.839 yenyewe haisimami: mzizi unaojirudia mara mbili. Hapo f'(r) ni sifuri, K inapoteza maana, na anayefuata sheria ya makosa matatu si kosa jipya bali mraba wake. Mlinganyo wa kipeo unakuwa 2p³ = p² + p + 1, na p inashuka hadi 1.23. Wanaoitaja 1.23 kama kasoro ya Muller husahau kutazama Newton anafanya nini mahali hapohapo: oda yake inaanguka hadi 1, na kila hatua inapunguza kosa kwa nusu tu, huku akiendelea kulipia f na derive. Utaitambua hali hiyo kwenye skrini: badala ya tarakimu sahihi kukaribia kuwa mara mbili kila hatua, zinaongezeka polepole, halafu zinagoma karibu na ya 8 wakati mashine inabeba 16. Kugoma huko kunatoka kwenye f yenyewe, ambayo karibu na mzizi wa namna hiyo inakuwa ndogo kuliko makosa ya kukadiria ya kompyuta. Kuongeza idadi ya hatua hapo hakumsaidii Muller wala Newton. Tafuta mzizi wa derive badala yake, ambako uleule r unakaa peke yake.